Nimeambiwa na Nani?

Jumatano hiyo ilikuwa zamu yetu ya kupiga deki ukumbi wa shule. Mimi nilishika ndoo na fagio, rafiki yangu Penseli akafuata nyuma akifuta viti. Anaitwa Penseli kwa sababu ni mrefu, ni mwembamba, na sikio lake halikosi penseli. Mimi wananiita Pilipili. Sababu sina haja ya kuieleza, subirini tu mtaona.

Tulikuwa tunauandaa ukumbi kwa ufunguzi wa chama chetu kipya, Chama cha Wanafunzi wa Imani Mbalimbali. Mwalimu wa historia, ambaye ndiye mlezi wa chama, aliichagua Jumatano makusudi, ili asiguse siku ya ibada ya mtu yeyote. Alikuwa ameagiza kila mwanachama aandike karatasi moja ya manila kuhusu dini isiyo yake, kisha aibandike ukutani wazazi waisome. Na mgeni wa kutoa hotuba ya ufunguzi alikuwa nani? Mhadhiri wa masomo ya dini kutoka chuo kikuu, mdogo wake mama yangu, tumbo moja! Wiki nzima nilitembea shingo juu.

Nilipofika ukutani na fagio langu, nikaiona karatasi ya Redio. Huyu ni mvulana wa darasa letu, Mwislamu, na hazimiki kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa kama za tangazo: "Wakristo wanaabudu miungu watatu: Baba, Mama na Mwana."

Nilihisi moto kichwani. Mama? Mama ametoka wapi? Tangu nizaliwe nafundishwa Mungu ni mmoja, halafu mtu ananihesabia watatu tena anawakosea!

"Redio!" nilipiga kelele. "Njoo hapa! Nani amekudanganya upuuzi huu?"

"Upuuzi gani?" alijibu akiwa amekaa juu ya meza, miguu inaning'inia. "Kila mtu anajua hivyo."

"Kila mtu nani? Mimi si mtu?"

Niligeuka ili Penseli anisaidie kumsuta, maana na yeye ni Mwislamu, na Redio humsikiliza. Lakini Penseli hakuwa ananitazama. Alikuwa amesimama mbele ya karatasi yangu mimi, kitambaa kinadondosha maji kwenye viatu vyake. Nilikuwa nimeandika hivi: "Waislamu huliabudu jiwe jeusi lililoko Makka. Wanawake wao hawaruhusiwi kuswali."

"Mama yangu anakuja leo," alisema polepole. "Anakuja kusoma haya."

"Si nimeandika kweli? Nilimwuliza mwalimu wetu wa shule ya Jumapili."

"Nyumba yetu na yenu zimetenganishwa na ukuta mmoja, Pilipili. Ungeniuliza mimi." Alitundika kitambaa kwenye ukingo wa ndoo, akachukua mkoba wake. "Mwambie mwalimu nimejitoa kwenye chama. Na kesho usinipitie asubuhi. Nitakwenda shule peke yangu."

Akaondoka. Nami, badala ya kumfuata, nilikasirika zaidi. Yaani mimi ndiye niliyetukanwa na Redio, halafu nanuniwa mimi! Nilimalizia deki peke yangu, huku nikisema moyoni: subirini Mama Mdogo aje. Atawanyoosha.

Mama Mdogo alifika saa nzima kabla ya hotuba. Nilimkimbilia, "Shikamoo, Mama Mdogo!" Akaitika marahaba, akanipa mkoba wake nimshikie, lakini hakukaa. Alizunguka ukumbi akisoma karatasi moja baada ya nyingine, zote kumi na mbili, bila kuruka hata moja. Kila alipomaliza moja, mdomo wake ulizidi kukaza. Mbele ya karatasi ya Redio nilimwona anavuta pumzi ndefu, nikafurahi. Mbele ya yangu alivuta ndefu zaidi.

Ukumbi ulipojaa, mwalimu wa historia alimkaribisha kwa maneno matamu. Mama Mdogo alimshukuru, akaikunja karatasi ya hotuba aliyokuja nayo na kuitia mfukoni.

"Nilikuwa nimeandika hotuba nzuri," alianza. "Sitaisoma. Nimesoma kuta zenu, na nimekasirika. Kila aliyebandika karatasi achukue kalamu, aende akaandike chini yake: Nimeambiwa na nani?"

Tulitazamana. Tukaenda. Mmoja aliandika "babu", mwingine "video kwenye simu ya kaka". Redio aliandika "rafiki zangu". Mimi niliandika "mwalimu wangu wa shule ya Jumapili". Tuliporudi kukaa, Mama Mdogo alipita akizisoma kwa sauti, moja moja, mpaka ya mwisho.

"Kumi na mbili!" alisema. "Na hakuna hata mmoja aliyemwuliza mtu wa dini aliyoiandika! Mmeandika kuhusu majirani zenu bila kubisha hodi. Hiyo siyo elimu. Huo ni umbeya uliobandikwa kwa gundi."

Watu walicheka, lakini mimi nilishindwa kuvumilia. Nilisimama. "Mhadhiri, lakini Redio ametutukana! Anasema tuna miungu watatu!"

"Amekosea, na atarekebisha. Wakristo wanasema Mungu ni mmoja katika nafsi tatu, na Mariamu si mmoja wa hizo nafsi. Na wewe, mwalimu wako wa Jumapili ni Mwislamu?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Redio alicheka mpaka akajipiga mapajani kwa viganja. Nilikaa chini, masikio yanawaka. Mama Mdogo wangu mwenyewe! Mbele ya shule nzima!

"Msimcheke," alisema kwa ukali. "Nami nilikuwa hivyohivyo. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo, nilihudhuria ibada ya watu wa dini nyingine mara mbili, nikakaa kiti cha nyuma na daftari langu. Nikaandika kwamba wanapoinama wanaonyesha woga. Profesa wangu akanirudisha kwao, akaniambia niwasomee nilichoandika. Bibi mmoja alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, 'Mwanangu, hapa unamsema nani?' Woga nilikuwa nimeubuni mimi. Yeye aliniambia huinama kwa shukrani. Niliona aibu, nikaanza upya, na ilinichukua miezi miwili."

Kisha akatueleza kazi yenyewe inavyofanywa. Ukienda kwenye ibada ya watu, omba ruhusa, useme wewe ni nani na umefuata nini. Usijifanye muumini ili upenye. Katika daftari, walichosema wao kiwe upande mmoja na unachofikiri wewe kiwe upande mwingine, visichanganyike. Usimwulize mtu mmoja ukadhani umewauliza wote, maana ndani ya dini moja watu huhitilafiana, na kilichoandikwa vitabuni huenda kisiwe kile kinachofanywa mtaani. Usipime mazuri ya kwenu kwa mabaya ya wenzako. Ukimaliza, warudishie waliokueleza ulichoandika, wakisome. Wakisema "hawa si sisi", kazi haijaisha.

Redio aliinua mkono. "Kwa hiyo tuseme tu dini zote ni sawa, yaishe?"

"Hapana! Huo nao ni uongo, ila umepakwa sukari. Wakristo wanasema Yesu ni Mwana wa Mungu. Waislamu wanasema ni mtume, na Mungu hana mwana. Ukiwaambia hayo ni kitu kimoja, umewadanganya wote wawili. Kataa unachokikataa, una haki hiyo. Lakini kwanza kieleze kwa namna ambayo mwenyewe akikisikia aseme, 'Ndiyo, hicho ndicho ninachoamini.'"

Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa natafuta kwa macho viti vya wazazi. Mama yake Penseli hakuwepo.

Baada ya hotuba niliibandua karatasi yangu. Mama Mdogo alinikuta mlangoni naikunja.

"Umenifedhehesha," nilimwambia, machozi yakinilenga.

"Na wewe umemfedhehesha nani?" aliuliza. Niliitazama karatasi mkononi mwangu. "Basi usilie hapa. Nenda."

Mama yake Penseli ni mshonaji. Nilimkuta kwenye chumba chake cha kazi, mbele ya nyumba yao, chaki mkononi, anachora mkono wa gauni juu ya kitambaa. Penseli alikuwa anapiga pasi pembeni. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mkasi ukalia kra-kra-kra. "Nimesikia. Mwanangu ameniambia yote. Miaka kumi unakula kwenye sahani zangu, unalala kwenye mkeka wangu, halafu unatangaza kwamba naabudu jiwe? Mimi?"

"Nimekosa, mama. Nimekuja kuuliza."

"Sasa ndiyo unauliza!" Aliweka mkasi chini kwa kishindo. Kisha akasukuma kigoda kwa mguu. "Kaa. Andika."

Nikaandika. Aliniambia Kaaba, ile nyumba iliyoko Makka, ni upande wa kuelekea wakati wa kuswali, ili waumini popote walipo waelekee mahali pamoja. Anayeabudiwa ni Mungu peke yake. Jiwe lipo kwenye kona ya Kaaba, na wanaolibusu wanafuata alivyofanya Mtume, hawaliombi kitu. Na kuhusu wanawake, yeye anaswali mara tano kwa siku. "Leo nimeswali alfajiri wewe bado unakoroma. Nakusikia kupitia ukuta."

Penseli alicheka kidogo, akajizuia.

Niliandika haraka: "Wanawake wa Kiislamu huswali msikitini bila shida yoyote." Nikamsomea. Alitikisa kichwa.

"Futa. Usinipambe kwa maua nisiyo nayo. Ipo misikiti yenye nafasi ya wanawake, na ipo isiyokuwa nayo. Msikiti wa karibu na hapa hauna, na mimi sipendi, nimeshawaambia viongozi wake. Wengine wanaona sawa kuswali nyumbani. Liandike hilo pia. Halafu usiandike 'Waislamu wote'. Andika 'amesema mshonaji mmoja', kisha ukawaulize wengine."

Nilifuta, nikaandika upya, nikamsomea tena. Mara ya tatu hakusahihisha kitu. Alichukua karatasi, akaisoma mwenyewe kimyakimya, kidole kikifuata mistari.

"Sasa nimejiona," alisema. Akamgeukia Penseli. "Wewe, acha pasi. Kesho rudi kwenye chama. Ukikimbia, nani atamweleza huyu?"

Penseli alisogea, akatazama juu ya bega langu. "Makka umeiandika kwa mwandiko mbaya," alinong'ona, akanipa penseli yake.

Niliinuka kuaga. Mama yake alinishika mkono, hasira bado iko machoni, lakini sauti imeshuka.

"Najua hukukusudia kunisingizia," alisema. "Lakini kusema usichokijua kana kwamba unakijua, huo nao ni uongo, mwanangu. Na wako haukuwa na udhuru. Kutoka mlangoni kwenu mpaka mlangoni kwangu ni hatua sita."