Sipora wa Getini

Ndugu wazazi, na nyie wanafunzi mnaojifanya hamsikii, sogeeni. Hii imetokea hapa hapa Mikumi.

Nyumbani kwa kina Sipora maisha yalikuwa yanaenda. Asubuhi kaka yake Kitashu anatoa ng'ombe, mama anachuja maziwa ya kupeleka kwenye hoteli za barabarani, Sipora anafunga viatu huku anajibizana nao. Kidato cha tatu, na mdomo anao. Shuleni kwao hakuna mdahalo bila yeye. Mashavuni alikuwa na alama mbili za duara, kila shavu moja, alizochomwa na bibi yake akiwa mdogo, kama ilivyo desturi ya kwao. Hata hakuwa anazikumbuka. Nani anakaa anawaza shavu lake?

Halafu shule ikataka bango la kuvutia wanafunzi wapya. Sipora akapigwa picha, ikapelekwa Kilosa mjini, kwenye steshenari moja pale Magomeni. Bango lilivyorudi likatundikwa getini, na Sipora akaenda kulitazama na rafiki yake Brightness.

"Shoga, huyu ni wewe?"

"Nguo ni zangu."

Ngozi imelainika kama sahani. Alama hazipo. Kidevu kimechongwa, macho yamekuzwa, na ule weupe sijui waliutoa wapi. Wavulana wakapata cha kusema. Goodhope, bingwa wa utani, akawa anampokea kila asubuhi: "Sipora, msalimie dada yako wa getini. Mwambie mimi namsubiri yeye, sio wewe."

Sipora alicheka. Nyumbani hakucheka. Alichukua simu ya Kitashu akajipiga picha, kamera karibu kabisa na uso, pua ikatoka kubwa. Akaingia mtandaoni kuangalia wasichana warembo, na kadiri alivyowaangalia, simu ikazidi kumletea wengine wa aina ile ile. Anaangalia picha, anaangalia kioo. Picha, kioo. Kila akirudi kwenye kioo anaokota kasoro ambayo jana hakuiona. Darasani akahamia nyuma, kiganja shavuni. Mdahalo wa Kilosa, ule aliousubiri mwaka mzima, akasema tumbo linamuuma. Akaenda Brightness badala yake, wakapigwa vibaya.

Mwisho akanunua sokoni mkorogo, ile krimu ya kujichubua, akaupaka kwenye alama ya shavu la kulia ajaribu kwanza. Ngozi ikaungua, ikachubuka, ikatoa maji. Muuguzi wa zahanati hakumzungusha: "Hakuna krimu ya kufuta kovu, mdogo wangu. Umejiongezea lingine."

Ndipo Mwalimu Tumwagile, mwalimu wa malezi, akaita shule nzima bwaloni kuhutubia. Akaunganisha simu yake na projekta, akamsimamisha Goodhope mbele. Akasogeza simu karibu na uso wa kijana, akapiga: pua kubwa, masikio yamejificha. Akarudi nyuma, akapiga tena: pua ya kawaida.

"Pua ni ile ile. Kilicho karibu na kamera kinaonekana kikubwa, basi."

Akaingia sehemu ya kurembesha picha kwenye simu. Akalainisha, chunusi zikayeyuka. Akavuta taya, likawa jembamba. Akakuza macho, akaongeza weupe. Bwalo zima likacheka.

"Mwalimu, niachie hiyo hiyo," Goodhope akasema, wakacheka tena.

"Mnacheka kwa sababu mmeniona nikifanya. Wale wa mtandaoni hamkuwaona. Simu nyingine zinalainisha zenyewe, hata hujagusa kitu. Na mtu anajipiga picha kibao, anawawekea moja. Wewe unaichukua hiyo moja unaishindanisha na uso wako wa kuamkia. Utashindwa kila siku, na kila ukishindwa unajiona hufai, unaanza kujificha."

Huko nyuma Sipora akasimama, mtandio umefunika shavu.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Yule wa getini alitengenezwa na nani?"

Mwalimu akaweka simu mezani.

"Mimi ndiye niliyemwambia kijana wa steshenari aisafishe ile picha kidogo. Hatukukuuliza. Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, mwalimu. Ila ungesema haya kabla sijanunua ule mkorogo."

Bango likashushwa siku hiyo hiyo. Goodhope ndiye aliyepanda ngazi, na hakuwa na utani.

Siku hizi Sipora anaongea tena kwenye midahalo, na anaongea vizuri. Ila mwangalieni anavyosimama. Anasimama upande, anawaonyesha watu shavu la kushoto tu.

Funzo

Ukishindanisha uso wako na picha iliyotengenezwa, unashindana na mtu ambaye hayupo. Utakachopoteza ni kujiamini kwako, na pengine ngozi. Ukimwona mrembo kwenye simu, jiulize kwanza ameguswa wapi. Ukiona picha hizo zinakuumiza, acha kuziangalia. Na nyie wakubwa, msiguse sura ya mtoto bila kumuuliza. Mkiisafisha mnamwambia ni chafu, na atawaamini.