Baiskeli Nyekundu ya Mpimaji

"Dada, nataka filamu moja tu. Binti anahama mji kwa treni, na kijana anaikimbiza treni kwa baiskeli. Jina silijui."

Aliyesema hayo alisimama mbele ya meza yangu akiwa bado na sare ya uuguzi, mkoba begani, uso wa mtu aliyetoka zamu bila kulala. Mimi ni mkutubi. Nasimamia chumba cha juu cha maktaba, chumba cha filamu. Kila Jumamosi saa tisa alasiri nawaonyesha watu wazima filamu za utoto na ujana, wale wenye vitambi na mikopo wanaotaka kuonja tena walivyojisikia wakati wanakua. Wananiita Mama Sinema ingawa mtoto sina, na mume nilikuwa nimebakiza wiki tatu kumpata.

"Filamu hiyo ipo," nikamjibu. "Lakini hapa hatutoi filamu kama karanga. Keti kwanza nikuulize mambo matatu."

Akacheka, akavuta kiti.

"Unataka kurudi umri gani? Usiniambie 'utotoni'. Taja miaka."

"Kuna tofauti?"

"Kubwa mno. Ukitaka miaka tisa, nakupa filamu ambayo kamera imekaa chini, usawa wa meza, na wakubwa unawasikia nusu nusu kama ulivyokuwa unawasikia kwenu. Ukitaka kumi na tatu, nakupa marafiki na siri zao. Kumi na saba ni mambo ya kuondoka."

"Basi kumi na saba."

"La pili. Unataka ucheke au uumie?"

"Niumie kidogo. Kidogo tu, jioni nina zamu."

"La tatu. Nini hutaki kabisa kukiona?"

Akafikiri. "Mzazi akifa. Vifo naviona vya kutosha hospitali."

Nikaandika kwenye kadi. Watu wanadhani kazi hii ni kuchukua filamu yoyote yenye mtoto ndani. Wapi! Filamu za kuwafurahisha watoto ni kitu kingine. Zile za vijana kurukaruka kwenye sherehe, mtu wa miaka arobaini anapiga miayo dakika ya kumi. Natafuta zinazomwacha mtoto akosee bila sauti ya mzee kuja kumhubiria, zinazokubali kuisha kabla mambo hayajapona. Kila moja naitazama mpaka mwisho kabla sijamwonyesha mtu. Na ikiisha siwashi taa kwa dakika tano, ili kila mtu apate nafasi ya kufuta macho kwa heshima.

"Sasa niambie," nikamuuliza, "hii ya treni nani alikusimulia?"

Akatabasamu mpaka akapendeza.

"Mchumba wangu. Tulikuwa majirani tukiwa vijana, halafu tukapoteana miaka ishirini na tatu. Mwezi wa tatu mwaka huu akaitazama. Anasema alilia kama mtoto, na kesho yake akaanza kunitafuta. Anasema filamu ile ni sisi kabisa."

Mkono wangu ukasimama juu ya kadi. Diski ile tunayo moja tu, na mwaka mzima ilikuwa imetoka rafuni mara moja. Niliitoa mimi mwenyewe, mwezi wa tatu.

"Mchumba wako anafanya kazi gani?"

"Mpimaji wa viwanja. Anajisifu huyo! Eti hajawahi kukosea hata sentimita moja."

Nilikisikia kichekesho hicho kila Jumapili mezani kwetu. Nilikuwa nikikicheka.

Acha niseme kosa langu, maana lipo. Katika kazi hii nina sheria moja kubwa: hisia iwe karibu, mazingira yawe mbali. Mtu aliyekulia kando ya reli usimpe filamu ya reli. Mpe ya ziwa, au ya mgodi. Hapo atalia na atajua analilia nini, kwa sababu ya kwake na ya kwenye filamu hazitachanganyika. Ukimpa inayofanana mno, kumbukumbu yake inaanza kuvaa nguo za filamu.

Mchumba wangu, mpimaji huyo huyo, alipotimiza arobaini mwezi ule wa tatu nilikuwa na filamu mbili mezani. Moja ilikuwa ya ndugu wawili wanaofanya kazi kwenye mashimo ya chumvi. Hiyo ndiyo ilimfaa. Nyingine ni hii ya treni. Aliwahi kunidokeza kuhusu binti wa jirani, nyumba karibu na reli, familia ikahama. Mwanaume yule hakuwa analia, hakuwa anasimulia, alikuwa kama kabati lililofungwa. Nilitaka kulifungua mimi, na nilitaka kuwepo likifunguka. Nikampa ya treni. Akalia begani kwangu, nami nikajipongeza. Mjinga mimi.

"Na ni ninyi kweli?" nikamuuliza Muuguzi.

"Ndiyo nataka kuitazama nijue." Tabasamu likapungua. "Maana kuna mambo ananiambia siyakumbuki. Hebu ona."

Akanisogezea simu. Nilisoma meseji iliyotumwa asubuhi ile:

*Bado naona ulivyonipungia kitambaa cha njano dirishani. Nilikanyaga pedali mpaka mapafu yakawaka. Safari hii sikuachi uende.*

Asubuhi ile ile na mimi nilikuwa nimepokea yangu: *Leo niko saiti mpaka jioni mpenzi. Usinisubiri kula.*

"Wewe uliondokaje?" nikauliza.

"Kwa lori la mizigo, dada. Asubuhi. Nilikaa juu ya magodoro. Yeye alikuwa shuleni kwenye mtihani, hata hatukuagana."

Nilitamani kumchukia, nikashindwa. Nikamwonyesha pete kidoleni, kisha nikamwonyesha picha kwenye simu yangu. Alimtambua haraka kuliko nilivyotaka.

"Aliniambia anaishi peke yake," akasema polepole.

"Anaishi na mimi. Harusi ni wiki tatu zijazo."

"Mungu wangu. Dada, naapa sikujua."

"Najua. Kaa hapo hapo."

Nikapiga simu.

"Mpenzi, uko wapi?"

"Saiti, jua kali kweli. Vipi?"

"Njoo maktaba. Kuna mtu anaitaka filamu yako."

"Filamu gani?"

"Ya treni."

Kisha akasema, "Nakuja," kwa sauti ndogo.

Alifika baada ya dakika ishirini. Viatu vilikuwa safi, bila hata vumbi la hiyo saiti. Akatuona wawili tumekaa meza moja, akashika fremu ya mlango.

"Naweza kueleza," akasema.

"Utaeleza," nikamwambia. "Kwanza jibu swali dogo. Ile baiskeli uliyomfukuzia huyu ilikuwa rangi gani?"

Alitutazama kwa zamu. Nadhani alitarajia vibao, si swali la baiskeli.

"Nyekundu. Kengele yake ilikuwa imevunjika."

Muuguzi akamkazia macho.

"Wewe hukuwa na baiskeli," akasema. "Hukujua hata kuendesha. Kaka yangu alijaribu kukufundisha ukaingia kwenye mtaro, ukaapa hupandi tena."

"Nilijifunza baadaye... siku ile nilikuja na..."

"Siku ile ulikuwa kwenye mtihani. Na mimi nilikuwa juu ya lori."

"Lori? Hapana. Treni. Nakumbuka dirisha. Nakumbuka kitambaa!"

Sikubishana. Nilivuta pazia, nikawasha projekta, nikaweka diski na kuisogeza mpaka saa moja na dakika kumi na mbili tangu mwanzo. Ukutani ikatokea stesheni. Binti akapunga kitambaa cha njano. Kijana akatokea nyuma ya behewa la mwisho, anapiga pedali, baiskeli nyekundu, kengele imevunjika inaning'inia.

Mpimaji wangu aliitazama mpaka treni ikapotea. Hakuwa anaigiza. Mdomo ulikuwa wazi, na nilimwonea huruma kwa sekunde chache nisizopenda kuzikiri.

"Lakini mimi nakumbuka," akanong'ona.

Muuguzi akasimama.

"Nikuulize la kweli basi. Kati ya bafu letu na lenu kulikuwa na ukuta wa mabati. Kila jioni ulikuwa unakuja upande wako unanisomea majibu ya hesabu kupitia tundu la msumari, kwa sababu mimi hesabu nilikuwa sifuri. Mwaka mzima. Nikafaulu kwa sababu yako. Miaka ishirini na tatu mimi ndicho nilichobaki nacho. Unakikumbuka?"

Akatafuta. Nilimwona akitafuta kichwani kama mtu aliyepoteza funguo mfukoni.

"Si... si vizuri sana."

"Basi hunikumbuki mimi. Unampenda huyo wa ukutani."

Akachukua mkoba wake. Machozi yalimshuka wazi wazi na hakuyaficha.

"Dada," akaniambia, "bado nataka filamu. Nichagulie nyingine."

Nikaenda rafuni. Kazi ni kazi, hata siku ya msiba wako. Kumi na saba, iumize kidogo, asife mzazi, reli isiwepo. Nikampa ya ndugu wa mashimo ya chumvi.

"Mwishoni mdogo mtu anaondoka," nikamwambia. "Usizime haraka. Kaa dakika tano gizani."

"Nisamehe."

"Hujanikosea kitu."

Akashuka ngazi. Tukabaki wawili, na mwanga wa projekta tupu ukutani.

"Nilichanganyikiwa," mpimaji akaanza. "Wewe mwenyewe umeona. Haikuwa mapenzi, ilikuwa filamu. Na filamu ulinipa wewe."

"Kweli. Nilikupa mimi, na kosa hilo ni langu nitalibeba. Kusema unaishi peke yako, hilo kwenye filamu halimo. Nimeitazama mara nne. Kusema uko saiti, halimo. Hayo uliyatunga wewe."

Akapiga magoti pale kati ya viti vya plastiki.

"Tufute yote. Nirudishe tulipokuwa kabla ya mwezi wa tatu."

Nilikuwa nampenda, msije mkadhani sikuwa nampenda. Miaka minne. Namna anavyokunja ramani, namna anavyopiga chafya mara tatu. Nilitaka kumshika kichwa nikaogopa nikikishika sitakiachia.

"Kurudisha watu nyuma nawafanyia wote, kila Jumamosi, kwa muda usiotimia saa mbili, halafu nawasha taa wanakwenda makwao," nikamwambia. "Wewe nilitaka twende mbele."

Nikavua pete. Ilikuwa inabana, nikaizungusha mpaka ngozi ikachubuka, naye akawa ananitazama tu bila kuomba tena. Nikaiweka juu ya kiti kilichokuwa karibu naye. Kisha nikampigia shangazi yangu, aliyekuwa amekwisha shona gauni langu la harusi mpaka kiunoni.

"Shangazi, weka sindano chini."

"Kwa nini mwanangu? Umenenepa?"

"Hapana, shangazi. Nimeachika."

"Na nani kakuacha?"

Nilimtazama yule mwanaume kwenye magoti yake. Hakuwa ananitazama tena. Alikuwa amegeuka kuuangalia ukuta mweupe, pale treni ilipopotelea.

"Bado yupo hapa," nikasema. "Lakini ameshaondoka."

Nikazima projekta, nikawasha taa zote.