Kimya Alichorudi Nacho Kutoka Chiola

Magharibi ilipokuwa inaingia, Getruda alitoka kwenda kununua mkaa, na Rogath akafuatana naye ili ambebee kiroba. Njiani Getruda alimsimulia habari za ofisini, akamsimulia na mbuzi aliyekula fomu za wakulima. Zamani Rogath angecheka mpaka asimame. Safari hii aliitikia kwa pua tu, akaweka kiroba begani, akaendelea kutembea.

Ilikuwa siku ya tisa.

Siku tisa tangu Getruda ampeleke Chiola kumwonyesha kwa wazazi. Walikwenda Jumapili asubuhi kwa bodaboda kutoka Ruangwa, Rogath anapiga mluzi njia nzima. Walirudi Jumatatu, na mtu aliyeketi nyuma ya Getruda kwenye pikipiki alikuwa kama mzigo uliofungwa kamba. Tangu hapo anakuja kula jioni kama kawaida, anaosha vyombo, anaaga. Anauliza kama maji yametoka bombani. Zaidi ya hapo, hakuna.

Na barua ya posa ilikuwa imeshaandikwa. Mjomba wake Rogath alikuwa Songea anasubiri neno moja tu ili aje nayo. Neno hilo Rogath hakulisema. Wala hakusema kwamba hatalisema.

Getruda alikuwa afisa ugani, mtu wa kupima mbegu na kuandika tarehe, na jambo lisilo na sababu lilimnyima usingizi. Akatafuta sababu. Labda ni choo cha shimo. Labda ni mama, aliyemwuliza mshahara wake kabla hajamaliza kunawa. Labda ni yeye mwenyewe, maana mbele ya baba yake Getruda alikuwa anaongea kwa sauti ya mtoto wa darasa la nne, na huenda Rogath alimwona hivyo akajiuliza ni yupi hasa anayemwoa. Alimwuliza hayo yote, moja moja. Alimwuliza wakila, wakitembea, kwa ujumbe wa simu saa nne za asubuhi akijua yuko darasani anafundisha fizikia.

"Wazazi wangu wamekukosea nini?"

"Hakuna kitu, Getu."

Akambembeleza. Akamnunia naye siku mbili, Rogath hakuonekana kugundua. Akamwambia kama hataki aseme, dunia ina wanaume. Kila alipouliza, ndivyo yule mtu alivyozidi kuzama, kama ndoo unayoivuta huku kamba inakatika.

Rafiki yake Teddy, aliyekuwa nesi na mwenye mdomo mkali, ndiye aliyemzuia. Alimwambia anamhoji mwenzake kama polisi, na mtu anayehojiwa hupanga majibu badala ya kufikiri. Akamshauri ampe kazi ya mikono. Wakae ubavu kwa ubavu, wasitazamane usoni, na yeye afunge bakuli lake.

Basi jioni ile, mkaa uliposhika moto, Getruda aliweka ungo wa choroko katikati yao wakaanza kuchambua. Hakusema neno. Ilimuuma kama jino. Mawe upande huu, choroko upande ule. Robo saa ikapita. Nusu saa...

"Ulicheka," Rogath akasema.

Mikono ya Getruda ilitaka kusimama. Akailazimisha iendelee.

"Baba yako aliponitania pale mezani. Ulicheka."

Alikumbuka. Baba yake, Mzee Kasmiri, ni Mmwera. Rogath ni Mngoni. Hao ni watani tangu vita vya mababu, na mtani hana mpaka. Atakutukana arusini, atakulilia kwa kejeli msibani, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeivunja mila na umejidhalilisha. Siku ile, wakila kuku, mzee alimnyooshea Rogath kidole cha mchuzi akamwambia asimtafute tena kaka yake, yuko hapa hapa Chiola, anampalilia mikorosho, mvivu kama Wangoni wote, tena analima kwa mkono wa kushoto anamharibia mistari.

Meza nzima ilicheka. Getruda alicheka. Rogath naye alionyesha meno.

Kassian, kaka yake Rogath, alikufa miaka mitatu iliyopita. Alitoka kwenye vibarua vya msimu na homa, akakaa siku mbili, akazikwa kijijini kwao. Rogath mwenyewe alitupa udongo.

"Habari za msiba nilimwambia mama, kwenye simu," Getruda alisema taratibu. "Nilidhani ni vizuri wajue. Nisamehe."

"Ulimwambia kwamba Kassi alikuwa wa kushoto?"

Choroko zikamponyoka.

Hakumwambia. Hakuwa anajua.

Ndipo Rogath akasema yaliyobaki, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. Jioni ya Jumapili ile alikwenda chooni. Jua limezama, bado kuna mwanga kidogo. Akasikia jembe.

Kwa... kwa... kwa...

Jumapili. Katika nyumba ya watu wa kanisa, ambako siku hiyo jembe haliguswi. Akasogea mpaka mwanzo wa mikorosho. Akasikia harufu ya udongo uliopinduliwa, na chini yake harufu nyingine, kama maua yaliyokaa mno kwenye maji. Mtu alikuwa ameinama mstari wa tatu. Mgongo ule aliujua. Mkono wa kushoto mbele, wa kulia nyuma.

"Nikamwita. Pole pole tu. Kassi."

Jembe likasimama.

"Akageuka nusu. Akafungua mdomo. Hakutoa sauti, Getu. Ndani hamkuwa na kitu."

Nyuma yake sauti ya mama Getruda ikasema, kwa upole sana, kwamba choo ni upande huu, mkwe.

Kusini kote mtoto hulijua neno ndondocha kabla hajajua kuhesabu. Mtu anayezikwa ndugu wakalia, kumbe kilichozikwa ni gogo, na mwenyewe amechukuliwa, amekatwa ulimi, analima mashamba ya watu kwa ujira wa pumba. Getruda hakuwa anaamini. Alikuwa na shahada.

"Sikukununia," Rogath alisema. "Nilikuwa natafuta pa kushika. Kwanza nilikasirika, na utani haukasirikiwi. Halafu nikasema ni majonzi, nimemwona kwa sababu namtaka. Halafu nikasema ni kibarua tu wa watu. Nikisogea hatua mbili, unaniuliza wazazi wako wamenikosea nini, narudi mwanzo. Ningekujibu nini? Kwamba baba yako mchawi? Neno hilo likishatoka halirudi. Vijana wakilisikia watachoma nyumba na wazee ndani yake. Na nisiposema, nakuoa nikiwa nimelimeza."

Getruda alimshika mkono.

Jumamosi alikwenda Chiola peke yake.

Alimkuta baba yake barazani anafunga mpini wa jembe. Akamwuliza wazi amemjuaje kaka yake Rogath, kama anavyowauliza wakulima. Mzee hakushtuka. Akasema msimu mmoja alipita kibarua wa Kingoni, wa kushoto, aliyeondoka na homa. Rogath alipoingia mlangoni na uso ule ule, akajua ni ndugu, akamtania kama mtani anavyotaniwa. Alidhani kijana atafurahi kwamba ndugu yake anakumbukwa.

"Msiba wa mtani hauliliwi, mwanangu, unachekwa. Hamkufundishwa chuoni?"

Getruda alihisi mabega yake yanashuka. Basi ni hilo tu. Lilikuwa na tarehe, lilikuwa na sababu, lingeweza kuandikwa kwenye daftari. Hakuuliza kwa nini hawakumwambia Rogath hivyo siku ile ile. Alikuwa amechoka. Akapita nyuma ya nyumba kwenda kupunga upepo, na miguu ikampeleka shambani.

Palizi ilikuwa imefika mstari wa kumi na moja.

Akachuchumaa. Magugu hayakuwa yamenyauka. Majani yalikuwa bado yamesimama. Yalikatwa leo, labda alfajiri. Baba yake nyonga inamsumbua, hajapalilia mwaka wa pili huu. Na anayelima kwa mkono wa kulia huyalaza magugu kushoto kwake. Getruda ameona mashamba mia mbili. Haya yalilala kulia. Mstari baada ya mstari, yote kulia.

Harufu ile ikampata. Maua yaliyokaa mno kwenye maji.

Alirudi haraka, akijizuia kukimbia. Jikoni mama yake alikuwa anasonga ugali. Kando ya jiwe la kusagia palikuwa na bakuli la pumba zilizorowekwa.

"Za kuku," mama alisema, kabla hajaulizwa.

Getruda alitazama. Ndani ya bakuli kulikuwa na kijiko.

"Mama. Nani anapalilia?"

Mwiko ukaendelea kuzunguka. Mama hakumtazama. Alipojibu, alijibu kwa sauti ile ya upole ambayo Getruda aliijua tangu utotoni, ile ya kumwambia mtoto alale.

"Miaka yote umesoma hukuuliza nani anapalilia. Nawa mikono ule."

Alikula. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba alinawa, akaketi, akala.

Jioni alifika Ruangwa. Rogath alikuwa anamsubiri mlangoni. Alikuwa ameshapiga pasi shati la kesho na sura yake ilikuwa nyepesi. Tangu aseme, alikuwa analala. Akamwuliza vipi.

Getruda akamweleza habari ya kibarua wa msimu mmoja, aliyeondoka na homa. Akaieleza yote, kwa mpangilio, mpaka pale barazani.

Ya shambani na ya jikoni aliyaacha. Yakisemwa, wale wawili si wazazi tena, ni jambo jingine ambalo kijiji kina dawa yake. Yasiposemwa, mtu huyu anaoa. Labda ni jirani mwenye mkono wa kushoto. Labda kijiko ni cha kukorogea.

"Kwa hiyo alikuwa kibarua wao," Rogath alisema, akashusha pumzi ndefu. "Basi mjinga ni mimi. Nimempigia mjomba, Getu. Anakuja Jumatano na barua."

Simu ya Getruda ikaita. Baba. Rogath ndiye aliyepokea, akaweka spika, akaamkia kwa furaha.

Kulikuwa na upepo kwenye laini, na mzee alikuwa anaongea kwa sauti ya mtu aliye nje, shambani.

"Marahaba, mtani. Njoo upesi uchukue mke wako. Mwaka huu magugu ni mengi, na huyu mmoja amechoka."

Rogath alicheka. Alicheka kama zamani, mpaka akashika ukuta, kama mtani anavyopaswa kucheka.

Kisha akageuka, akamtazama Getruda, akamwuliza mbona yuko kimya.