Neno Dogo kwenye Bango la Viatu

Kila siku akitoka shule, binti wa muuza viatu alivua sare, akala haraka haraka, akaenda kumsaidia baba yake dukani, saa ambazo wateja walikuwa wengi. Wiki hiyo kazi yake ilikuwa kujibu swali moja tu, mpaka koo likamkauka.

"Na hiki ni asilimia sabini?"

"Hapana, mama. Hicho ni asilimia tano."

"Sasa bango la nini?"

Bango jekundu lilikuwa mlangoni: PUNGUZO HADI 70%. Ile sabini ungeiona ukiwa ng'ambo ya barabara, lakini neno "hadi" ilibidi uliinamie. Wateja waliingia wakicheka, wakatoka wakisonya, na anayesonywa ni binti. Jumatatu alimwambia baba kuwa neno hilo halionekani, baba akacheka tu. Jamani, alikuwa amechoka!

Alhamisi ikaja barua. Baba alikuwa nyuma akipanga maboksi. "Nisomee," akasema.

"Mwenye duka, salamu. Jumamosi nilipanda mabasi mawili na wanangu kufuata bango lako. Nilizunguka rafu zote. Vya asilimia sabini ni jozi nne tu, tena vya wanaume, namba arobaini na sita! Kiatu cha shule cha elfu kumi nilidhani nitalipa elfu tatu, kumbe ni elfu tisa na mia tano. Sikuwa nazo. Mdogo alilia njia nzima. Ukiandika 'hadi', basi bidhaa za kiwango hicho ziwe za kutosha, na useme ni zipi. Usipolirekebisha bango hilo, nitawaambia wazazi wenzangu wote wasikanyage kwako."

Baba akanyanyuka. Fedha za wazazi wa wanafunzi ndizo zilizokuwa zikiliendesha duka lile.

"Lakini 'hadi' si nimeandika? Nimemdanganya wapi?"

"Umeliandika kama sisimizi, baba! Wewe uko huku na maboksi, matusi nayapokea mimi. Kesho simama wewe pale mbele."

Kesho yake jioni baba akasimama mbele. Wa kwanza akamuuliza, akajibu. Wa pili akamsonya. Wa tano akamwita tapeli mbele ya watu. Kabla ya magharibi baba alipanda kigoda, akalibandua bango, akabandika jingine, herufi zote sawa: VIATU VYA SHULE, PUNGUZO 5%. JOZI NNE ZA WANAUME, NAMBA 46 TU, PUNGUZO 70%. Halafu akapiga namba ya simu iliyokuwa chini ya barua, akaomba radhi na kumtajia mama yule bei yenyewe.

Jumamosi mama alifika na mwanawe mdogo.

"Tano bado ni kidogo," akanung'unika huku akihesabu noti. "Ila safari hii nimekuja na hela kamili, maana nimeambiwa ukweli kabla sijapanda basi."

Alipoondoka, baba akamgeukia binti yake. "Nilijiona mjanja, mwanangu. Kumbe ukiandika jambo la kweli ili watu wasilione, umewadanganya tu."

"Nilikwambia tangu Jumatatu, baba," binti akajibu, akaenda kumhudumia mteja mwingine.