Pete ya Watu Wawili

Mtaani tulimwita Ulimi, na jina lilimkaa. Tulipakana naye ukuta kwa ukuta. Mkewe alikuwa na mimba ya mapacha, mtu wa watu, na ni kwa ajili yake tu tulivumilia kusalimiana na mwanamume anayekula jasho la wenzake. Kazi ya Ulimi ilikuwa kuokota pete alizoziangusha mwenyewe.

Pete zilikuwa shaba tupu, alizonunua kwa mafungu. Alizisugua kwa majivu na limau, akazigonga alama ya dhahabu kwa ndani, kisha akaifunga kila moja ndani ya risiti ya sonara aliyoighushi, yenye bei ya kumtoa mtu macho. Kichefuchefu kitupu! Na watoto wake walikuwa wazaliwe kwa fedha hizo.

Asubuhi moja alimwekea mkewe mkono tumboni. "Tulieni humo," akawaambia mapacha. "Leo baba analeta vitanda viwili."

Karibu na benki alimwona mama mmoja wa makamo akitoka peke yake, amekumbatia mkoba. Ulimi akampita, akaiachia pete, akageuka na kuinama mbele ya miguu yake.

"Dada, tumeiona pamoja," akanong'ona, akimfunulia risiti. "Hii ni riziki yetu wawili. Usipige kelele."

Hapo ndipo alipotokea mwenzake, mwanamke tuliyemwita Machozi, akilia kama kafiwa. Desturi yao ni kwamba Machozi huulizia pete ya mumewe iliyopotea, Ulimi huapa hajaona kitu, na yule aliyetegwa hunyamaza. Akishanyamaza wamemshika, maana tayari ni mwizi mwenzao, na aibu haitamruhusu kwenda kushtaki.

Lakini Machozi alipomtazama usoni yule mama, kilio kilimkatika. Hakuulizia pete. Alirudi kinyumenyume, halafu akatimua mbio.

Hapo Ulimi angepaswa kuacha. Tamaa ikamziba macho. Akampeleka yule mama uchochoroni, akamwimbia wimbo wake wa kila siku: pete haikatiki, sonara akiwaona wawili atashuku, basi dada abaki nayo akaiuze, na yeye apewe fungu lake sasa hivi, chochote kilichomo mkobani.

"Kwa hiyo tunagawana?" mama akauliza polepole.

"Nusu kwa nusu, dada."

"Hiki tu, au kila tulicho nacho?"

Ulimi alisikia harufu. Chini ya manukato ya yule mama kulikuwa na kitu kilichooza, kama nyama iliyosahaulika ndani ya sufuria. Alitaka amalize aondoke.

"Kila tulicho nacho. Naapa."

"Apa kwa walio nyumbani kwako."

"Naapa kwa walio nyumbani kwangu."

Mama akatabasamu. Ufizi wake ulikuwa mweusi. Akafungua mkoba na kumpa burungutu la noti, zikiwa na unyevu na joto la mwili.

"Hilo ni langu, nimetoa," akasema. "La kwako nitalifuata mwenyewe."

Akaivaa pete, akaenda zake.

Ulimi alikimbia kwa njia ya nyuma. Njiani noti zilimnata vidoleni. Alipofungua kiganja hakukuta fedha. Ni nywele. Kifundo cha nywele kilicholowa majimaji ya manjano, mazito, yanayonuka usaha. Alikitupa palepale. Akanawa kwenye bomba la watu. Akanawa tena. Harufu haikutoka.

Alipofika nyumbani mlango ulikuwa wazi. Mkewe alikuwa ameketi sakafuni, mchana kweupe, akijishika ubavu.

"Dada yako katoka sasa hivi," akasema kwa sauti ndogo. "Mbona hukuniambia una dada?"

"Dada gani?"

"Kanipapasa tumbo. Kasema mmeshaelewana."

Ulimi alitazama tumbo la mkewe. Upande wa kushoto ulikuwa umebonyea.

Hakukuwa na damu. Hakukuwa na uchungu. Mkunga aliyewahi kusikiliza mioyo miwili akasikiliza tena, akahamisha chombo chake huku na kule.

"Yupo mmoja," akasema. "Niliwasikia wawili. Sijui niwaambie nini."

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Ulimi siku hizi anabeba mizigo sokoni, na mkewe hamruhusu kumshika mwanawe kwa mikono ile. Sisi tulimchukia tangu zamani; sasa tunamchukia huku tukimwonea huruma, na sijui lipi linachosha zaidi.

Kitanda walinunua kimoja. Mtoto hulala upande wa kulia, hasogei. Kila asubuhi mama yake hukuta upande wa kushoto una kibonde kidogo chenye joto, na shuka imelowa maziwa.