Msalaba Juu, Duara Chini

JUMATATU, SIKU YA KUMI

BABA (12:10 asubuhi): Umeamka bwana mkubwa? Mayai je?

MWANA (12:14 asubuhi): Shikamoo baba. Nimegeuza yote 24. Msalaba juu. Joto 37 na nusu, maji kwenye bakuli yapo. Nakutumia na picha.

MWANA (12:15 asubuhi): [Picha: mayai ndani ya sanduku la mbao, kila moja na alama ya msalaba ya penseli juu, taa inawaka]

BABA (12:17 asubuhi): Marahaba. Safi kabisa. Saa nane mchana unageuza tena lile duara la upande wa pili liwe juu, saa mbili usiku msalaba.

MWANA (12:18 asubuhi): Baba, kwa nini mara tatu? Si tungegeuza mara mbili tukapumzika?

BABA (12:21 asubuhi): Ukigeuza mara mbili, kila usiku yai litalalia upande uleule. Usiku ndio mrefu. Kifaranga mchanga akikaa upande mmoja muda wote anagandana na ganda. Kwa mara tatu, leo analala hivi, kesho vile. Kuku mwenyewe hugeuza kwa mdomo wake kutwa nzima, wala hana penseli.

MWANA (12:22 asubuhi): 😂 Kumbe.

BABA (12:23 asubuhi): Nashuka sasa. Kwenye hili jengo mtandao unashika nikiwa juu ya paa tu. Ukiona tiki moja ujue niko chini nabeba mabati. Ukiona mbili niko juu. Na usisahau hayo ni mayai ya jirani yetu Mama Redio. Kuku aliyeyataga ameliwa na mbwa, hana mwingine wa mbegu ile. Yakiharibika, mtaa mzima utapata taarifa ya habari.

MWANA (8:03 mchana): Nimegeuza baba.

MWANA (8:04 mchana): [Picha: mayai ndani ya sanduku la mbao, taa inawaka]

BABA (8:09 mchana): Asante. Nina swali dogo, sababu macho yangu yana vumbi la mabati. Hapo juu ya mayai kuna alama gani?

MWANA (8:11 mchana): Msalaba.

BABA (8:12 mchana): Pandisha mazungumzo yetu mpaka asubuhi, kisha usome ulichoniandikia.

MWANA (8:15 mchana): Ujumbe huu umefutwa.

BABA (8:16 mchana): Umefuta nini? Nimeuona unakuja, nimeuona unaondoka.

BABA (8:17 mchana): Ngoja, Mama Redio naye kaniandikia. Anasema umeme kwenu umekatika tangu saa saba kasoro robo, na jirani wa pili nyama yake imeanza kutoa maji kwenye friji. Mimi sikuuliza habari za nyama. Nakuuliza wewe: kwenye picha yako taa inawaka kwa umeme gani?

MWANA (8:20 mchana): Baba nisamehe. Niko kwa rafiki yangu ng'ambo ya barabara kubwa, huku umeme upo. Nilikuja kucheza gemu tangu saa nne. Picha ni ya asubuhi. Sikugeuza. Nilichofuta ni hiki hiki, nilikiandika nikaogopa.

BABA (8:21 mchana): Kimbia nyumbani. Ugomvi tutaufanya baadaye. Ukifika usifungue kifuniko, soma kwanza kipimajoto kupitia kioo.

MWANA (8:34 mchana): Nimefika. 31. Wamekufa?

BABA (8:36 mchana): Bado. Kuku naye huondoka kwenda kula na mayai yakapoa. Hatari ni muda kuzidi. Sikiliza. Chemsha maji, jaza chupa mbili, zifunge kwa taulo. Fungua mara moja tu: weka chupa pembeni zisiguse mayai, geuza yote haraka duara liwe juu, funga. Funika sanduku kwa blanketi, ila matundu ya hewa yaache wazi. Wanapumua humo ndani.

MWANA (8:37 mchana): Je joto likizidi?

BABA (8:38 mchana): Likipita 38 toa chupa moja. Joto kali huua haraka kuliko baridi. Msimamizi ananiita chini, nashuka. Andika kila unachofanya, hata kama sijibu.

MWANA (9:02 alasiri): Chupa zimeingia. Nimegeuza, duara juu. Nimeunguza kidole kidogo.

MWANA (9:20 alasiri): 33.

MWANA (9:25 alasiri): Tiki moja tu. Najua uko chini lakini naandika.

MWANA (9:45 alasiri): 36. Mama Redio yuko mlangoni anauliza blanketi la nini. Nimwambie nini?

MWANA (9:52 alasiri): Nimemwambia ukweli. Amekaa kwenye kiti, hasemi kitu. Sijawahi kumwona hasemi kitu.

MWANA (10:05 alasiri): 38 na nusu. Nimetoa chupa moja.

MWANA (10:20 alasiri): 37 na nusu. Imetulia.

MWANA (10:41 alasiri): Umeme umerudi. Nimetoa na chupa ya pili. Taa inawaka kweli, sikudanganyi.

MWANA (10:42 alasiri): Safari hii.

BABA (11:15 jioni): Nimepanda. Simu imelia mara tisa mfululizo, mafundi wenzangu wakadhani nimeposwa. Nimesoma yote, nikaanza upya. Kidole kikoje?

MWANA (11:16 jioni): Kizima. Baba, tutajuaje kama wako hai?

BABA (11:18 jioni): Kesho mchana ingia stoo, funga mlango kuwe giza. Viringisha karatasi ngumu iwe kama bomba, weka kwenye tochi ya simu, shika yai juu yake. Machache kwa mara moja, yasipoe. Kisha uniambie mwenyewe utakachokiona.

JUMANNE, SIKU YA KUMI NA MOJA

MWANA (8:40 mchana): Baba. Kuna mishipa myekundu, kama mizizi ya mti. Katikati kuna kitu cheusi.

MWANA (8:41 mchana): Kimeruka. Baba, kimeruka.

BABA (8:44 mchana): Hicho cheusi ni jicho. Huyo anakushangaa wewe na tochi yako.

MWANA (9:10 alasiri): Ishirini wana mishipa. Matatu ni meupe tu, mwanga unapita. Moja lina duara la damu.

BABA (9:13 alasiri): Meupe hayakuwa na mbegu, si kosa lako. Lenye duara la damu lilikufa siku nyingi kabla ya jana. Yatoe yote manne. Na Mama Redio?

MWANA (9:15 alasiri): Ameongea tena. Muuza duka kaniuliza habari za chupa za maji ya moto, na kinyozi pia.

JUMAMOSI, SIKU YA ISHIRINI NA MBILI

MWANA (12:50 asubuhi): Jana ilikuwa siku ya 21 na hakuna kitu. Niliwaua.

BABA (12:55 asubuhi): Walipoa, kwa hiyo wamechelewa. Usifungue. Weka sikio kwenye mbao.

MWANA (12:57 asubuhi): Analia mtu humo ndani.

MWANA (3:30 asubuhi): Ganda moja limepasuka. Nimsaidie?

BABA (3:31 asubuhi): Hapana. Mwache ajitoe, ndivyo anavyopata nguvu.

MWANA (11:05 jioni): [Picha: vifaranga kumi na wanane, wengine bado wamelowa, na mkono wa mwanamke pembeni]

MWANA (11:06 jioni): 18. Mawili hayakupasuka. Mama Redio amenipa mmoja wangu. Nimemwambia sistahili, akasema nisimfundishe kugawa kuku wake.

BABA (11:12 jioni): Mchukue, na umwangalie vizuri. Sasa ule ugomvi niliokuahidi ndio huu. Kusahau kugeuza mayai ni kosa, na dawa yake ni kugeuza. Ile picha ndiyo ingewaua wote, kwa sababu ingenifanya nilale na amani huku wao wanapoa. Siku ile sikuwa na namna ya kuona humo ndani ila kwa macho yako. Ukiharibu kitu niambie mapema, hata uandike vibaya. Mapema tunaweza kuchemsha maji.

MWANA (11:14 jioni): Nimekuelewa baba.

BABA (11:15 jioni): Nakuja kesho. Picha hii ni ya leo?

MWANA (11:16 jioni): [Picha: kifaranga mmoja kavu amesimama kando ya saa ya ukutani iliyoshushwa, inaonyesha saa kumi na moja na dakika kumi na sita]