Komeo la Nje

Kivuli kilikuwa kikubwa mno. Hilo ndilo lililomshtua fundi cherehani kwanza, na laiti angelitilia maanani saa ile ile. Ukuta wenyewe wa gofu lile ulimfika magotini, jua lilikwisha panda, saa mbili na nusu asubuhi, na bado kivuli kilijaa chumba kizima, kizito, cha baridi, utadhani nyumba ina dari.

"Mungu kauonea huruma uzee wetu," alisema mumewe, dereva wa lori mstaafu, akavua kofia na kuketi humo ndani. "Wewe endelea kusoma mawe yako. Mimi napumzisha magoti."

Wenzao walishangaa starehe gani hiyo, kulipa kiingilio ukaangalie nyumba zilizoanguka za mji wa kale. Lakini kila Jumamosi wawili hawa walikuwa langoni likifunguliwa, na chupa mbili za maji. Asubuhi walitembea upande wa magharibi wa kuta, kwenye kivuli, na ikifika saa nne waliondoka, maana saa hizo mawe huanza kukurudishia jua usoni. Tena mwanga wa mapema ndio wa kusomea. Jua likiwa chini hupita ubavuni mwa ukuta, kila alama ya patasi na kila tundu likajitokeza. Saa sita kila kitu ni bapa, huambulii kitu.

Mkewe alikuwa na utaratibu. Kwanza kuuzunguka mji wote bila kuingia popote, apate umbo lake. Halafu kutafuta kisima na mifereji. Ndipo anaingia nyumbani mwa watu, kwa adabu, bila kukanyaga kuta wala kuokota kigae. Mawe yasiyofumana aliyaita mshono, akajua hapo palikuwa wazi, pakazibwa baadaye. Alisoma kwa sauti, na mumewe alijifanya kachoka, ingawa hakuwahi kukosa Jumamosi hata moja.

"Hapa alilala mama mkwe," alikuwa amemwambia asubuhi hiyo kwenye nyumba ya kwanza.

"Umejuaje?"

"Kitundu cha taa kipo jirani na mlango, kina masizi mpaka juu. Huyo alikuwa halali, anangoja aone nani karudi saa ngapi."

Dereva alicheka mpaka akakohoa.

Sasa yeye ameketi kivulini, na mkewe amepiga magoti ukumbini, nje ya mlango wa chumba hicho. Mlango wenyewe haukuwepo, ni miimo miwili tu ya mawe iliyobaki imesimama.

"Hili ni ghala," alisema. "Mlango mmoja, dirisha hakuna. Tena ngoja, dirisha lilikuwepo, la chini chini. Ule mshono pale. Wameliziba."

"Eti wewe," dereva alijibu, usingizi umeanza kumchukua.

Akaja kwenye matundu ya komeo. Kwenye mwimo wa kushoto tundu la mraba, lenye kina cha mkono mzima, gogo la komeo lirudishwe humo mlango ukifunguliwa. Kulia tundu fupi, la kupokea ncha. Yote sawa, ila yalikuwa upande wa ukumbini. Komeo la nje halimzuii mwizi, atalisukuma tu aingie. Linamzuia aliyemo ndani.

Alishusha macho kwenye kizingiti, na hapo akaacha kusoma kwa sauti. Nusu ya ukumbini ilikuwa imelika, imebonyea kwa miguu ya watu wa miaka mingi. Nusu ya ndani ilikuwa na makali yake yote, kama ilivyochongwa. Watu walifika hapa, wakasimama, wakaweka kitu chini na kurudi. Hakuna aliyewahi kuingia. Hakuna aliyewahi kutoka.

Harufu ikamjia, chokaa mbichi, iliyopakwa sasa hivi. Kisha akasikia ubao ukiburuzwa juu ya jiwe, taratibu, ukagota.

"Mke wangu," mumewe aliita kwa sauti ya chini. "Mbona umefunga?"

Hakumwona. Kivuli kilikuwa kimesimama mlangoni wima, cheusi, na juu yake mbingu nyeupe ya asubuhi na kisima kule mbele kikionekana vizuri kabisa. Alinyoosha mkono kwenye hewa tupu, akagusa mbao.

Mkata tiketi wa langoni alikuwa akifagia karibu na kisima. Alisimama mbali, ufagio mkononi.

"Mama, nani yuko pale?"

"Mume wangu. Amekaa kivulini."

"Kuta za pale zinafika magotini, mama. Kivuli cha kumkalisha mtu kitoke wapi?" Hakusogea hata hatua moja. "Usifungue. Ngoja jua lifike utosini, kitaondoka chenyewe."

"Na yeye?"

Mkata tiketi aliinama, akaendelea kufagia pale pale.

"Mke wangu," sauti ilinong'ona, na sasa ilikuwa chini kabisa, kwenye kizingiti. "Humu siko peke yangu. Fungua."

Alijua alichokisoma, alijua kwamba watu wenye akili zao walichonga matundu yale upande ule kwa sababu, kwamba waliziba dirisha na kuvumilia kuleta chakula siku baada ya siku kuliko kuligusa komeo lile, na alijua pia kwamba aliyemo ndani ni mtu aliyelala naye miaka thelathini na nane, mwenye magoti mabovu na kikohozi, aliyekuja huku kwa ajili yake tu, basi akapapasa hewani mpaka akalipata gogo, baridi, lenye unyevu kama kitu kilicho hai, akalishika kwa mikono yote miwili, akalisukuma huku analia, likarudi lote tunduni.

Kivuli kikanywea mpaka saizi ya ukuta wake. Mumewe akatoka, akaukanyaga ule upande wenye makali.

"Asante kwa kunifungulia," alisema.

Mkewe akarudi nyuma hatua moja. Miaka thelathini na nane, kila akifunguliwa mlango, neno lake lilikuwa moja tu: umechelewa nini.

Nyumbani mume hakutaka jua. Aliingia chumbani, akafunga dirisha, akaomba chokaa ya kuliziba. Adhuhuri, hata taa ikiwashwa, kona aliyokaa ilibaki nyeusi. Mke angemkimbia, asingelaumiwa. Lakini asubuhi nyingine kikohozi kilisikika humo, kile kile, na sauti iliyochoka ikamtania, "Vipi, mama mkwe kalala leo?" Basi alipokaza mkono afungue mlango, sauti hiyo hiyo ikamzuia kwa haraka, ikitetemeka: "Usifungue. Kanisikia." Wote wawili wamo.

Seremala alipokuja kufunga komeo aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Upande wa nje, mama? Alimjibu ndiyo, wa nje.

Jumamosi moja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alibeba sahani ya chakula kupitia ukumbini. Mlango wa mbele ulikuwa wazi na jua la chini liliingia mpaka mwisho, likipita ubavuni mwa sakafu. Alisimama mlangoni pa chumba, akainama, na macho yake yaliyozoea yakaona kabla hajataka kuona. Kizingiti cha saruji hakijatimiza mwaka. Upande wake, wa ukumbini, ulikuwa umebonyea kwa miguu ya miaka mingi. Upande wa ndani ulikuwa na makali yake yote.

Aliweka sahani chini.

"Umesoma nini leo, mke wangu?" sauti iliuliza, karibu sana na mbao. Alisikiliza kwa makini, akashindwa kujua ni ya yupi.